Tumbo la Mama Likijaa kwa Miezi: Ulizia Kipimo Kabla ya Dawa Nyingine

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 anayeishi Malindi, watoto wake wako ughaibuni. Kwa miezi mitatu tumbo linamjaa karibu kila siku, anashiba kwa matonge machache, na choo kimebadilika: siku tatu hapati, ya nne anaharisha. Duka la dawa limempa dawa ya amiba, kisha ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo. Kila dawa humpa nafuu ya siku chache, halafu hali inarudi pale pale.

Amiba na taifodi zipo Pwani, kwa hiyo dhana ya kwanza si ya ajabu. Lakini taifodi huja na homa, na kipimo cha Widal kinaweza kuonyesha ugonjwa kwa mtu aliyewahi kuupata zamani. Baada ya miaka 50, mabadiliko mapya ya choo yanayopita wiki tatu yanahitaji kutafutiwa chanzo, hata kama hakuna maumivu. Yanayohofiwa zaidi ni saratani ya utumbo mpana, na kwa mwanamke, saratani ya ovari, ambayo mara nyingi huanza kwa dalili kama kujaa tumbo.

Mama huyu anahitaji daktari ampapase tumbo, amchunguze njia ya haja kubwa kwa kidole, kisha aagize kipimo cha wingi wa damu na cha damu iliyojificha kwenye choo. Mwongozo wa Uingereza unataka mwanamke wa miaka 50 na zaidi anayejaa tumbo mara kwa mara, hasa zaidi ya mara 12 kwa mwezi, apimwe damu kipimo kiitwacho CA125. Kikifika 35 au zaidi, afanyiwe utrasaundi ya tumbo na nyonga. CA125 ya kawaida haimalizi shaka, kwani saratani changa ya ovari inaweza isiipandishe.

Familia nyingi hukosea hapa: husikia "alishapigwa kamera" na kutulia. Kamera ya mdomoni huona tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Utumbo mpana huonekana kwa kolonoskopi, inayoingia kupitia njia ya haja kubwa. Utrasaundi nayo haitoshi kuona ndani ya utumbo.

Kwa hiyo ukipiga simu, muulize mama amepimwa nini, na majibu yako wapi. Kliniki ikisema ni gesi tu, aombe rufaa ya Hospitali ya Kaunti ya Kilifi au Coast General, Mombasa. Akiwa na damu chooni, upungufu wa damu, uvimbe au anakonda bila sababu, rufaa isingoje. Akitapika, tumbo likivimba, na hapati choo wala upepo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.