Elfu Ishirini kwa Mtaa Mmoja

Mtu anayepika chapati nyumbani kwake Tabata Kimanga na kuzisambaza kwa bodaboda hahitaji wateja wa Dar es Salaam nzima. Tuseme anauza chapati 10 kwa shilingi 5,000. Mteja wa mtaa wa pili hulipa 1,000 ya bodaboda bila kulalamika, lakini nauli ikifika 3,000 ataona bora anunue kwa jirani yake. Basi anapotenga shilingi 20,000 za kusponsa posti Facebook na Instagram, kila senti inayompelekea tangazo mtu wa Mbezi au Kigamboni imekwenda bure, hata kama mtu huyo ataipenda picha na kuipa laiki.

Bajeti ndogo hufa hapo: watu wengi wanaliona tangazo, ila wachache tu kati yao wanaweza kununua. Kazi yote ya kuandaa tangazo la mtaa ni kuwachuja wasiohusika mapema. Tuna machujio mawili, ramani na maneno, na yote mawili yanahitajika.

Tuanze na ramani. Ukibonyeza "Boost post" na kukubali walengwa unaopangiwa, mfumo unaweza kulisambaza tangazo mbali sana na mtaa wako. Tengeneza kundi lako mwenyewe. Unapofika kwenye eneo, usiandike "Dar es Salaam", kwa sababu ukichagua jina la mji utapata mji mzima. Weka pini kwenye ramani, kisha punguza upana wa duara.

Upana huo upimwe kwa nauli ya bodaboda. Duara lenye umbali wa kilomita 2 kutoka katikati lina eneo la kilomita za mraba kama 12 na nusu. Ukiliongeza hadi kilomita 5, eneo linapanda hadi karibu 78, yaani zaidi ya mara 6. Kutoka Kimanga, duara hilo la pili linameza Barabara ya Mandela na kufika hadi Ubungo. Elfu ishirini zile zile sasa zinatawanywa kwa umati ambao hutaweza kuufikishia chapati zikiwa za moto.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Facebook ikisema mtu yuko katika eneo lako, haimaanishi lazima anaishi hapo. Inahesabu wanaoishi hapo pamoja na waliokuwapo hivi karibuni. Abiria wa daladala anayepita Mandela kila asubuhi akielekea kazini anaweza kuingia kwenye duara lako, ingawa nyumbani kwake ni mbali. Kwa hiyo usiweke pini kituoni au kwenye barabara kuu kwa kuwa tu ndipo panapojulikana. Isogeze ndani, kwenye nyumba za watu, hata kama jiko lako liko pembeni mwa duara.

Ukishabana eneo, usibane mengine sana. Ni rahisi kushawishika kuongeza vionjo kama "mapishi" au "chakula", lakini vionjo hivyo hukisiwa kutokana na mambo ambayo mtu hubonyeza mtandaoni. Wala chapati wengi hawajawahi kufuata ukurasa wowote wa mapishi. Duara la kilomita 2 tayari ni dogo, na ukilikata tena unawatoa wateja wako mwenyewe. Acha wanawake na wanaume wote, weka umri wa watu wanaojinunulia chakula, kisha endelea.

Sasa maneno. Tangazo tulilozoea kuliona ni hili: "Karibuni wateja wetu wapendwa! Tunatengeneza chapati tamu, laini na za kiwango cha juu kwa bei nafuu. Wahi sasa! Bei njoo inboksi." Halina mtaa, halina bei, halina saa. Mtu wa mbali hajui kwamba halimhusu, na atakayeandika ataanza kwa kuuliza bei na mahali, kisha atanyamaza. Hela imeshatumika kumleta.

Linganisha na hili:

"Tabata Kimanga: chapati 10 laini kwa 5,000, zinakufikia jioni zikiwa za moto. Bodaboda 1,000 ndani ya Kimanga tu. Jumatatu hadi Ijumaa. Agiza WhatsApp kabla ya saa 9 alasiri, upokee kati ya saa 11 na saa 12 jioni."

Jina la mtaa limekaa mwanzo kabisa, kwa sababu maandishi yakiwa marefu simu huonyesha mistari ya mwanzo tu na kuficha mengine. Abiria wa Mandela aliyenaswa na duara akisoma "Kimanga" atapita zake, na hilo ndilo tunalotaka. Bei imetajwa ili anayeandika awe ameshaikubali. Neno "leo" halimo, maana tangazo la siku 5 lenye "leo" linaanza kupotosha siku ya pili. Picha nayo iwe ya chapati zako 10 kama zinavyofungwa, mteja ajue atapokea nini.

Kuwa makini na maneno yanayomgusa msomaji binafsi. Ukiandika "Una kisukari? Chapati zetu za atta zinakufaa", Meta inaweza kulikataa tangazo, kwa sababu kanuni zake haziruhusu kudokeza kwamba unaijua afya ya msomaji. Andika tu "Chapati za unga wa atta zipo."

Ukiulizwa lengo, chagua kupata ujumbe na uunganishe WhatsApp. Mfumo hutafuta watu wa kufanya kile ulichoomba: ukiomba laiki, utaletewa watu wepesi wa kubonyeza laiki. Gawa 20,000 kwa siku 5, yaani 4,000 kwa siku, na utume tangazo Jumapili kwa kuwa ukaguzi unaweza kuchukua hadi siku nzima. Wenye iPhone walipie kupitia kivinjari, si ndani ya programu ya Facebook au Instagram, kwani Apple inaweza kuongeza ada ya asilimia 30 juu ya bajeti.

Wiki ikiisha, fungua daftari. Kila aliyeandika awe ameulizwa "Uko wapi?" na jibu liandikwe. Tuseme wameandika watu 14, 9 wa Kimanga, na 6 wakanunua. Kila mteja amegharimu kama shilingi 3,300. Ikiwa faida ya chapati 10 ni 2,000, oda ya kwanza ni hasara, na mteja anaanza kulipa akirudi mara ya pili.

Laiki zikiwa nyingi na ujumbe hakuna, kagua lengo na bei. Ujumbe ukiwa mwingi lakini wa mbali, sogeza pini au punguza duara. Tangazo likiwarudia watu wale wale mara 4 au 5 bila oda mpya, mtaa umeshaliona vya kutosha. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Na kama wale 6 hawakurudi, elfu ishirini inayofuata isiende kwenye tangazo. Wapigie uwaulize chapati zilifika zikiwa na hali gani.