Kutunga mapambazuko ya bahari kutoka Lubutu: bahari ipi, kina kipi?

Zoezi letu lilikuwa shairi la wasifu kuhusu bahari alfajiri. Kwa sisi wa Maniema, swali la kwanza ni bahari ipi. Pwani ya Kongo iko Muanda, nayo inaelekea magharibi: pale jua huzama baharini, na asubuhi huchomozea nchi kavu. Anayetaka mwanga utoke majini lazima asimame kwenye Bahari ya Hindi. Nilichagua Zanzibar, upande wa mashariki wa kisiwa, nikatunga ubeti huu wa tarbia:

Usiku waacha anga, rangi yake ya majivu,
Maji yalamba mchanga, yakiuvika mapovu,
Ngalawa yakunja tanga, yanuka chumvi na nyavu,
Ndipo wachomoza mwanga, polepole, bila nguvu.

Kila mshororo una mizani nane katika ukwapi na nane katika utao. Kina cha kati ni -nga, cha mwisho ni -vu.

Kishawishi kikubwa ni kutumia kina -ni: baharini, mchangani, majini, angani. Kinapatikana bila jasho, kwa sababu karibu kila nomino hupokea kiambishi hicho cha mahali. Lakini sikio husikia kiambishi kilekile kikirudi, na kila mshororo huishia kutaja mahali tu. Katika -nga na -vu, kina kimo ndani ya mzizi wa neno. Kabla ya kutunga niliorodhesha maneno ya pwani yenye miisho hiyo, kisha nikabakiza yale yanayoonekana, yanayonusika au yanayogusika. Majivu yalinipa rangi, nyavu zikanipa harufu.

Mizani nayo ina mtego wake. Hesabu irabu, kisha ongeza m au n inayosimama peke yake kama silabi. M-cha-nga ni mizani tatu. Hapa kwetu wengi hutamka «muchanga», na hesabu haibadiliki: bado ni tatu. Tofauti ni mwa-nga, mizani mbili tu, kwa kuwa w si irabu. Ukilitamka polepole kama «mu-a-nga», utapata tatu na mshororo utapita kipimo. Kwa upande mwingine, wa-a-cha ni tatu, kwani a mbili huhesabiwa mbili.

Mfano wa kosa: «Mchanga walambwa na maji» una maana nzuri, lakini ukipiga kofi kwa kila silabi utafika tisa, na kina -nga kimepotea. Kugeuza kauli ya kutendwa iwe ya kutenda, «Maji yalamba mchanga», kunarudisha nane, na kina kinarudi mahali pake.

Ubeti huu una jicho na pua. Sikio halijapata kitu. Mlio wa wimbi likirudi nyuma unadai ubeti wa pili, wenye vina vyake.