Kivuko Kimepinduka, Aya ya Kwanza Iandikweje?

Alhamisi, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa uandishi wa habari atapata humo karibu kila atakachoulizwa.

Swali la kwanza kwa kawaida huhusu vigezo vya habari. Watafiti Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walitoa orodha ya vigezo 12 mwaka 1965, na wapo wanaoikariri yote na kuimwaga kwenye karatasi. Kukariri hakutoshi, kigezo kinapaswa kupimwa kwa tukio lenyewe. Hapa uzito wa habari unatokana na wingi wa vifo, kisha ukaribu: msomaji wa Mwanza huenda ana ndugu aliyekuwa safarini. Umashuhuri haumo, hata kama kivuko kina jina kubwa.

Kwenye zoezi la aya ya kwanza ndipo wengi hukwama. Huanza hivi: “Siku ya Alhamisi, tarehe 20 mwezi wa Septemba, majira ya alasiri, katika kisiwa cha Ukara kilichopo Wilaya ya Ukerewe...” Msomaji amepita maneno zaidi ya 15 na bado hajui kilichotokea. Kwa gazeti la kesho yake, jambo zito hutangulia:

“Watu zaidi ya 40 wamefariki dunia baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka jana karibu na kisiwa cha Ukara, mamlaka za Mkoa wa Mwanza zimesema.”

Nani, nini, lini na wapi vimo, na chanzo kimetajwa. “Kwa nini” haimo, na hilo si kosa, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa haujafanyika. Kichwa kinaweza kuwa “Kivuko chapinduka Ukerewe, zaidi ya 40 wafa”. Anayeandika “Uzembe waua Ukerewe” amekwisha kutoa hukumu. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Madai kwamba kilizidisha abiria yaandikwe, lakini kwa kutaja aliyeyatoa. Idadi nayo ihakikiwe kila toleo: hatimaye waliokufa walizidi 220.

Maadili hayaishii kwenye maneno. Picha ya maiti inayotambulika sura haifai kuchapishwa, hasa ndugu wakiwa bado ufukweni wakiwatafuta wao.

Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Habari ya kawaida itaanza na kuokolewa huko. Makala inaweza kuanza na giza la ndani ya chombo, mradi mwandishi asibuni mawazo ya mtu ambaye hajamhoji.

Msomaji achukue kalamu: kwa tukio hilo la Jumamosi, aandike kichwa kisichozidi maneno manane na aya ya kwanza isiyozidi maneno 30, vifo vikiwa vimeshapita 200. Aamue mwenyewe kipi kitangulie, kisha aweze kumweleza mhariri sababu.