Ng'ombe anayejaza ndoo anaweza kuwa ndiye anayekula faida: jinsi ya kumjua kwa daftari

Katika kipindi chetu cha wafugaji, wasikilizaji hupiga simu wakiuliza ng'ombe gani wamuuze ili kupunguza gharama za chakula. Tukiwauliza ng'ombe wao wanatoa lita ngapi, karibu wote hutaja kiasi cha wiki za mwanzo baada ya kuzaa, ndoo inapojaa. Tukiuliza alizaa lini na alipandishwa lini, simu hunyamaza kidogo. Bila tarehe hizo swali lao halina jibu, na makala hii inaeleza kwa nini.

Tutawazungumzia wafugaji wenye ng'ombe 2 hadi 5 wa maziwa wanaofugwa bandani, kama ilivyo Rungwe, Njombe, Hai au Lushoto. Majani hukatwa na kuletwa bandani, pumba na mashudu hununuliwa, na ng'ombe hula kila siku, awe anakamuliwa au amekauka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ametoa lita ngapi kwa kila siku aliyolishwa, tangu alipozaa hadi alipozaa tena?

Daftari la kujibu swali hilo ni dogo. Kila mnyama apewe ukurasa wake, juu yake jina au namba ya hereni na tarehe aliyozaa. Chini yake andika kila tarehe aliyoonekana kwenye joto, hata kama hakupandishwa, na kila tarehe aliyopandishwa na dume au mhimilishaji. Maziwa si lazima uyapime kila siku. Chagua siku moja kila mwezi, kwa mfano tarehe 15, upime ya asubuhi na ya jioni kwa jagi lenye alama za lita, ujumlishe, uandike. Jumla ya vipimo hivyo ikizidishwa kwa 30 inakupa makadirio ya kutosha ya maziwa ya uzao mzima.

Pima kabla maziwa hayajagawanywa. Wengi huandika lita zilizopokelewa kituo cha kukusanyia maziwa, wakasahau ya chai ya nyumbani, ya jirani na ya ndama. Daftari la namna hiyo linaeleza mauzo, halimwelezi ng'ombe.

Sasa tuchukue mfano wa banda lenye ng'ombe wawili, Zawadi na Neema. Takwimu ni za kufundishia, lakini hali yenyewe ni ya kawaida mno.

Zawadi ndiye anayesifiwa. Mwezi wa kwanza alipimwa lita 15, wa pili 16, kisha 13, 10, 8, 7, 6, 5, 5, 4, 4, 4 na 3. Vipimo hivyo 13 vinajumlisha 100, na mara 30 ni lita 3,000. Neema hakuwahi kufika hata 13. Vipimo vyake ni 11, 12, 10, 9, 8, 8, 7, 6, 5 na 4, jumla 80, yaani lita 2,400. Tukiishia hapo, wa kuuzwa ni Neema.

Lakini tarehe zinaonyesha kwamba Neema alizaa tena baada ya siku 380, na Zawadi baada ya siku 556. Gawanya lita kwa siku: Neema ametoa lita 6.3 kwa kila siku aliyolishwa, Zawadi 5.4. Tuseme lita moja inauzwa shilingi 1,000, na kumlisha na kumtibu ng'ombe mmoja kunagharimu wastani wa shilingi 5,000 kwa siku. Neema ameingiza 2,400,000 na kutumia 1,900,000, amebakiza 500,000. Zawadi ameingiza 3,000,000 na kutumia 2,780,000, amebakiza 220,000. Kwa siku moja, Neema anaacha zaidi kidogo ya shilingi 1,300, Zawadi haachi hata 400. Weka bei za kwako, hesabu ni ileile.

Tofauti imetoka wapi? Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Ili azae kila miezi 12 au 13, inabidi ashike mimba kati ya siku ya 80 na ya 110 hivi baada ya kuzaa. Neema alishika karibu siku ya 100. Zawadi alishika siku ya 273. Alikamuliwa siku 390, mwishoni akitoa lita 3 au 4, kisha akakaa siku 166 bila kutoa tone, wakati mapumziko anayohitaji kabla ya kuzaa ni kama siku 60 tu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kumwita mchinjaji. Sisi tungewaomba wasome kwanza tarehe za kupandishwa, kwa sababu zinaweza kuonyesha kwamba kosa si la ng'ombe.

Ng'ombe asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa kawaida kati ya 18 na 24. Zawadi alizaa tarehe 5 Januari. Alihimilishwa 20 Aprili, akarudia 22 Juni, kisha 13 Julai, 14 Septemba, na mwisho 5 Oktoba, ndipo akashika. Hesabu siku zilizo kati ya tarehe hizo: 63, 21, 63, 21. Siku 63 ni mara tatu ya 21. Inaelekea sana kwamba kila palipo na 63, ng'ombe alikuwa kwenye joto mara mbili na hakuna aliyeona. Joto 4 zimepita hivyo, sawa na siku 84.

Rudi kwenye hesabu. Zawadi yuleyule, kwa uhimilishaji uleule mara 5, kama joto hizo 4 zingeonekana angezaa tena baada ya siku 472. Maziwa yasingepungua, maana siku 84 zingetolewa kwenye zile 166 za ukavu. Lita 3,000 kwa siku 472 ni lita 6.4 kwa siku, zaidi kidogo ya Neema. Kumuuza Zawadi na kununua mwingine kungeleta ng'ombe mpya katika banda lilelile lisiloona joto.

Joto hupita bila kuonekana kwa sababu hudumu saa chache, mara nyingi hazifiki 18, na pengine huanza usiku. Ng'ombe aliyefungwa peke yake hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo ile dalili kubwa ya kusimama tuli akipandwa huioni. Tazama ute mwepesi unaong'aa kama ute wa yai kwenye uke au mkia, kulia bila sababu, kukosa utulivu, na maziwa kupungua ghafla siku hiyo moja. Mkamuaji anayejua lita za kila siku huigundua hiyo ya mwisho kabla ya wengine. Joto likionekana asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Likionekana jioni, aje kesho yake asubuhi.

Daftari husaidia kwa sababu linakuambia lini ufungue macho. Ukimpandisha leo, hesabu siku 21 mbele na uzungushie tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani. Kuanzia siku 3 kabla yake hadi siku 3 baada yake, mwangalie alfajiri na usiku kabla ya kulala. Asiporudia, usimtangaze kuwa ana mimba. Mtaalamu wa mifugo ampime kwa mkono siku 60 hadi 90 baada ya kupandishwa. Ng'ombe anayedhaniwa ana mimba kwa miezi 6 kumbe hana ni hasara ambayo hata daftari zuri haliwezi kuirudisha.

Mpangilio mwingine wa tarehe una maana nyingine. Anayerudia kila siku 21 bila kuruka, ameonekana vizuri lakini hashiki: chunguza muda wa kuhimilisha, mbegu na utunzaji wake, au dume lenyewe, na baada ya mara 3 aitwe mtaalamu amchunguze kizazi. Zawadi naye anahitaji uchunguzi huo, maana mara 5 ni nyingi. Anayerudia kwa siku zisizo na mpangilio, kama 35 kisha 48, huenda anashika na kupoteza mimba changa, hivyo naye aonwe na mtaalamu. Asiyeonyesha joto lolote hadi siku 60 baada ya kuzaa, mtazame mbavu na mgongo. Mara nyingi amekonda kwa kutoa maziwa mengi kuliko anachokula. Kama banda zima lina tatizo moja, usimlaumu mnyama mmoja.

Nani basi auzwe? Yule ambaye joto zake zimeonekana, amelishwa kama wenzake, mtaalamu amemchunguza, na bado lita zake kwa siku ziko chini ya gharama zake kwa uzao wa pili mfululizo. Usimhukumu kwa uzao wa kwanza, kwa kuwa anayezaa mara ya kwanza hutoa maziwa machache kuliko atakavyotoa baadaye. Kipimo kilichoanguka ghafla mwezi mmoja nacho huenda ni ugonjwa wa kiwele; andika pembeni alipougua ili usichanganye ugonjwa na uvivu.

Bandani kuna mwingine anayekula bila kuulizwa: mtamba. Huyu hana maziwa ya kupima, kwa hiyo hupimwa uzito. Kama hakuna mzani, tumia utepe wa fundi cherehani. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio karibu na mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Mtamba mwenye mzunguko wa 130 na urefu wa 115 ana kilo 179 hivi.

Baada ya siku 60 akiwa na 134 na 117, amefika kilo 194. Ameongeza kilo 15, yaani gramu 250 kwa siku. Kama unakusudia kumpandisha akiwa na kilo 250, zimebaki kilo 56, na kwa mwendo huo utamlisha siku 224 kabla hata ya kumwita mhimilishaji. Angekuwa anaongeza nusu kilo kwa siku, ingekuwa siku 112. Kabla ya kumuuza, angalia minyoo, maji na kama anaachiwa mabaki ya majani yaliyokataliwa na wakubwa, maana mitamba wengi hulishwa hivyo.

Pima asubuhi kabla hajala wala kunywa, akiwa amesimama wima kwenye sakafu tambarare, na apime mtu yuleyule kila mara. Utepe ukikosea sentimita 1 tu kifuani, uzito wa mtamba huyu hubadilika kwa kilo 3 hivi, kwa hiyo usilinganishe vipimo vya wiki mbili. Subiri miezi miwili ndipo ulinganishe.