Udongo Uliojificha Ndani ya Jiwe

Wanangu, sogeeni karibu. Mkisimama kando ya handaki la Fort Jesus, tazameni kuta zake za chini. Hizo hazikujengwa. Ni mwamba wenyewe, uliochongwa na mafundi wa Wareno waliposimamisha ngome kuanzia mwaka 1593. Ndani yake mtaona matumbawe na makombe, kwa sababu zaidi ya miaka laki moja iliyopita kisiwa chetu cha Mombasa kilikuwa chini ya bahari.

Sasa niambieni: jiwe hilo ni jeupe, lakini udongo uliojaa kwenye mashimo yake ni mwekundu. Umetoka wapi?

Hilo ndilo somo letu la Kilimo, vipindi viwili vya dakika 40. Msibandue jiwe ngomeni wala kwenye kuta za Mji wa Kale. Okoteni kipande panapochimbwa msingi, kisicho na chokaa ya waashi. Kitwangeni kwenye kinu, mpime gramu 10, mtie kwenye chupa ya mdomo mpana, kisha mmimine siki mililita 300, kidogo kidogo. Chupa nyingine itiwe unga uleule na maji matupu.

Ya siki itatoa povu. Mvua nayo huchukua gesi ya kaboni hewani na penye mizizi, ikawa na ukali kidogo, na ukali huo ndio unaoyeyusha matumbawe. Siki ni kali zaidi, basi usiku mmoja hufanya kazi ambayo mvua ingeifanya kwa miaka mingi sana.

Kesho yake msikimbilie kuchuja. Povu likikoma huenda jiwe limekwisha, au siki ndiyo iliyoishiwa nguvu. Ongezeni siki mpya: povu likirudi, ngojeni. Lisiporudi, chujeni kwa karatasi mliyoipima, suuzeni, anikeni, mpime tena.

Tuseme mmebakiwa na gramu 0.3. Basi kilo 100 za jiwe hili zingeacha kilo tatu tu. Yasugueni mabaki hayo kwa vidole. Yanayokwaruza ni mchanga uliokwama zamani katika matumbawe. Yanayoteleza ni mfinyanzi, na ndani yake mna chuma, ambacho kikipata hewa kwa miaka mingi hupata kutu na kuupa udongo wekundu wake. Ndiyo maana yenu yaweza kuwa ya kijivu au hudhurungi, msidhani mmekosea.

Lakini mabaki hayo bado hayajawa udongo wa kupandia. Chukueni udongo chini ya mwarobaini, mtie huo na mabaki ya jiwe kila kimoja kwenye glasi yake ya maji, mkoroge, mwache vitulie. Juu ya maji ya mwarobaini vitaelea vipande vya majani na mizizi iliyooza. Juu ya yale ya jiwe hakitaelea kitu.