Waraka wa Imamu Kabla ya Mwezi Kuandama

Waraka wa Idi ambao imamu huwaandikia waumini wake aghalabu huanza na salamu ndefu na kumalizika kwa dua. Kazi yake hasa imo katikati, kwenye sehemu ya zakatul-fitri, na hapo ndipo wengi wanapoyumba.

Zaka hii ni chakula kinacholiwa mahali hapo, kwa kiwango cha pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu. Ikipimwa kwa mizani ni kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Wanazuoni hutofautiana, kwa sababu pishi ni kipimo cha ujazo na nafaka hazilingani uzito. Imamu mzuri huchagua kiwango kimoja na kukitaja waziwazi.

Mwenye nyumba hujitolea yeye na wale anaolazimika kuwalisha. Chukua baba mwenye mke, watoto watatu wadogo na mama mzee anayemtunza. Ni watu sita, kwa hiyo mchele kilo 15 kwa hesabu ya kilo mbili na nusu. Msaidizi wa ndani anayelipwa mshahara hayumo. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama anatolewa. Akizaliwa baada ya magharibi, hatolewi.

Muda ndio mtego. Zaka inatakiwa imfikie maskini kabla ya swala ya Idi ili naye asherehekee. Mwezi ukiandama jioni ya tarehe 29, imebaki usiku mmoja tu. Kamati ikingoja tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu ndipo ianze kukusanya, itapokea fedha saa nne usiku, maduka ya nafaka yamefungwa, na asubuhi watu wanaswali huku magunia hayajanunuliwa. Ndiyo maana waraka unafaa kusomwa Ijumaa ya mwisho, au hata kabla yake: Mashafi wanaruhusu kuitoa tangu Ramadhani inapoanza.

Fedha nazo zinahitaji sentensi yake. Mahanafi wanakubali thamani ya chakula. Mashafi wanataka chakula chenyewe. Misikiti mingi hupita katikati: muumini anawapa kamati fedha, nao wanamnunulia mchele kwa niaba yake. Waraka usiposema hivyo, wapo watakaodhani wamekwishatoa zaka, kumbe fedha bado zimelala kwa mweka hazina.

Yaliyobaki ni mafupi: watu wale kidogo kabla ya kwenda, kwa kuwa siku hiyo ni haramu kufunga, saa ya swala, na uwanja gani. Mvua za masika zikiangukia msimu huo, imamu aandike pia msikiti utakaotumika uwanja ukilowa, maana asubuhi ya Idi hakuna wa kumpigia simu kila mtu.