Saa Zilizojificha Ndani ya Shilingi

Karatasi ya gharama unaweza kuijumlisha mara tatu, jumla ikatoka ileile, na bado gharama ya bidhaa ikawa si ya kweli. Tuchukue karakana ya useremala Tanzania iliyotengeneza madawati 200 ya shule. Karatasi yake inaonyesha malighafi shilingi 9,200,000, ujira wa mafundi 1,500,000 na gharama za karakana 1,500,000. Jumla ni 12,200,000, yaani 61,000 kwa dawati. Kujumlisha hakuna kasoro.

Gharama za karakana ni kodi ya jengo, umeme, mshahara wa msimamizi na uchakavu wa mashine, vitu ambavyo huwezi kuvibandika kwenye dawati moja. Ndiyo maana hutozwa kwa kiwango kilichopangwa mapema. Hapa bajeti ya mwezi ni 4,800,000, na mafundi kumi wakifanya kazi saa 8 kwa siku 20 wanapata saa 1,600. Kila saa ya fundi basi inabeba shilingi 3,000.

Sasa izungushe hesabu kinyumenyume. Gharama za karakana 1,500,000, ukigawa kwa 3,000, ni saa 500. Ujira 1,500,000, ukigawa kwa 2,500 anazolipwa fundi kwa saa, ni saa 600. Madawati ni yaleyale na mafundi ni walewale, lakini mistari miwili inataja saa tofauti.

Wengi wangekimbilia kusahihisha papo hapo. Mimi nasema kalamu iwekwe chini kwanza, kwa sababu karatasi yenyewe haiwezi kusema mstari upi umekosea. Fungua kadi za saa za mafundi.

Kadi zikionyesha saa 600, basi gharama za karakana zilikokotolewa kwa makadirio ya zamani ya saa mbili na nusu kwa dawati, wakati kazi imechukua saa tatu. Zinapaswa kuwa 1,800,000, na dawati linapanda hadi 62,500. Aliyenukuu bei kwa kutegemea 61,000 amepunjika 300,000 kwenye oda nzima.

Lakini huenda kadi zikaonyesha saa 500, na 200 kati yake ni za ziada. Sheria ya Tanzania inataka saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu. Saa 300 kwa 2,500 ni 750,000, na saa 200 kwa 3,750 ni 750,000 nyingine. Ujira unafika 1,500,000 bila kosa lolote, na 61,000 inabaki ilivyo, mradi nyongeza hiyo ilisababishwa na oda hii.

Kiwango cha 3,000 nacho kina mpaka wake. Mwezi ukiisha na mafundi wamefanya saa 1,200 tu, madawati na kazi nyingine zitakuwa zimebeba 3,600,000. Kama gharama halisi zilikuwa 4,800,000, zile 1,200,000 zilizobaki ni gharama ya karakana kukaa bila kazi ya kutosha. Ziandikwe peke yake, zisisukumwe kwenye madawati.